Mtu Aliyeipenda Njaa Yetu

Katika watu wote waliojaribu gemu yetu ilipokuwa bado mbaya, mmoja tu aliipenda hivyo hivyo ilivyo. Wengine waliikimbia. Nasema haya mapema ili msomaji ajue nampigia debe nani, maana mimi si mtu wa kukaa katikati.

Mimi nilikuwa natengeneza sauti. Mlango, upepo, nyayo kwenye changarawe, yote yalipitia mikononi mwangu. Hata mlio wa tumbo lenye njaa ni wa tumbo langu mwenyewe: nilishinda bila kula, nikabandika kipaza sauti kwenye shati, nikakaa kimya kulisikiliza likilalamika. Tulikuwa watu wanne katika vyumba viwili juu ya duka la rangi. Harufu ya rangi ilipanda ngazi kila asubuhi kabla yetu, na ilipofika jioni hakuna aliyekuwa anaisikia tena.

Mwenye kazi za hesabu alikuwa dada mmoja tuliyemwita Kipimo. Jina nilimpa mimi, na alilipokea bila kucheka wala kununa, kama mtu anayepewa risiti. Yeye ndiye aliyeamua ukikimbia pumzi ipungue kiasi gani, ukila mzizi wa porini shibe ipande kiasi gani, baridi ikikupata uchoke mapema kiasi gani. Watu wanadhani gemu ni picha. Picha ni nguo tu. Kinachokufanya ukae au uondoke ni namba za watu kama Kipimo, na hakuna mchezaji hata mmoja anayejua kwamba watu hao wapo.

Chakula cha mchana alikula mezani kwake, akitupa mgongo. Si kwa kiburi. Nilimchunguza mwaka mzima nikaona ni mtu aliyezoea kula bila kutazamwa. Alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa nyuma, na mama yake alikuwa amefariki kabla hajaanza kazi kwetu, baada ya kuugua muda mrefu. Baba yake, fundi wa mashine za kusukuma maji aliyestaafu, alibaki peke yake kwenye nyumba yao, mji mwingine, safari ya saa kadhaa kwa basi. Walikuwa wakipigiana simu Jumapili. Niliwahi kuisikia simu hiyo siku tuliyofanya kazi wikendi. Uko salama? Niko salama. Na wewe? Salama. Haya. Nimewahi kuzungumza na mwuza vocha kwa urefu kuliko huo.

Gemu yenyewe ilikuwa ya kunusurika. Msafiri mmoja amebaki peke yake nyanda za juu, watu wote wameshahama, na mbali bondeni kuna taa zinazowaka. Anatakiwa afike huko. Amevaa koti lenye kofia inayofunika uso, kwa hiyo hujui ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Chini ya kioo kuna mistari miwili, mmoja wa shibe na mwingine wa pumzi. Shibe ikiisha unaanza kufa. Pumzi ikiisha unasimama ukihema, tena kuhema huko nilikutengeneza vizuri sana, ingawa hakuna aliyenishukuru.

Tulipoigawa kwa wajaribu, maoni yaliyorudi yalikuwa ya aina moja. Inachosha. Nimekula tu. Nilikuwa nachimba mizizi nikajiuliza kwa nini nachimba mizizi. Mmoja aliandika kwamba kazini kwake anachoka vya kutosha, hahitaji kuja kuchoka kwetu.

Bosi wetu, aliyeweka akiba yake yote kwenye ile gemu, alimwita Kipimo mbele yetu sote. "Dada, hii njaa tuitoe. Na pumzi pia. Mtu atembee tu, aone nchi."

Kipimo akasema, "Tukitoa, hakuna gemu. Ni matembezi."

"Bora matembezi kuliko adhabu."

"Namba hazisemi hivyo, bosi. Wastani wa muda wa kucheza ni zaidi ya saa moja na nusu kwa kikao. Mtu anayechoshwa hakai saa moja na nusu."

Bosi alikuna kidevu. Alikuwa na moyo mzuri na aliogopa namba, kama wengi wetu. Alimpa nafasi ya mwisho: majaribio yajayo yakionyesha watu bado wanaondoka, njaa inatoka, na njaa ikitoka hakutakuwa na kazi ya kumpa. Alisema kwa upole, ndiyo maana iliuma zaidi. Kipimo alirudi mezani kwake akatupa mgongo kama kawaida, na mimi nikajifanya nasikiliza upepo kwenye spika za masikioni.

Siku chache baadaye alinigusa bega. Hakuwa na mazoea ya kugusa mtu. "Kaka, njoo uone ujinga wangu."

Ujinga wenyewe ulikuwa huu. Alikuwa amejumlisha saa zote za wajaribu wote, akagawa. Hesabu sahihi, jibu la uongo. Sasa alikuwa amewapanga mmoja mmoja, kutoka aliyekaa kidogo mpaka aliyekaa sana, na mtu wa katikati kabisa alikuwa ameondoka baada ya dakika ishirini na kitu. Watu walikuwa wanatukimbia kweli, mbio. Ule wastani mzuri ulibebwa na mtu mmoja, Mjaribu wa Tisa, aliyecheza kila siku saa nyingi, kama ameajiriwa. Ni kama kusema mtaa wetu ni wa matajiri kwa sababu kuna nyumba moja ya ghorofa.

"Mtoe," nikamwambia.

"Nimeshamtoa. Sasa angalia waliobaki."

Alinionyesha ramani ya gemu iliyotiwa rangi mahali wachezaji walipokanyaga. Kambi ya kwanza ilikuwa nyekundu kabisa, na kuizunguka kuna duara la uwekundu, halafu nchi yote iliyobaki ni nyeupe. Bonde tulilolichora kwa miezi hakuna aliyefika. Sababu ilikuwa kwenye namba. Ukikimbia, pumzi inashuka na shibe inashuka pia. Shibe ikishuka chini ya nusu, pumzi inarudi polepole. Kwa hiyo safari ile ile inakutoza mara mbili. Ukienda kutafuta chakula mbali, unakitumia chote njiani kurudi. Watu wenye akili walibaki kambini wakichimba mizizi midogo kila baada ya dakika chache, mpaka wakachoka wakazima.

"Na jambo baya kuliko yote," akasema, "hakuna anayekufa kwa njaa. Karibu hakuna. Nilidhani nimeweka hatari, kumbe nimeweka kodi."

Akaanza kutengeneza upya, na hapo nilimwona Kipimo ambaye sikumjua. Hakubadilisha vyote kwa pamoja, maana ungebadilisha vyote usingejua kilichoponya ni kipi. Kwanza alipunguza kasi ya njaa kwa nusu, akawapa toleo hilo nusu ya wajaribu, nusu nyingine wakabaki na lile la zamani. Wenye toleo jipya walikaa muda zaidi kidogo, wakaondoka hata hivyo. Uchovu ule ule, umenyooshwa tu. Akaipunguza mno, watu wakasahau kabisa kwamba chakula kipo, wakatembea kama watalii, nao wakaondoka. Bosi akaanza kumtazama kwa huruma, na huruma ya bosi ni kitu cha kuogopa.

Ndipo akaacha kuuliza njaa iwe kali kiasi gani, akauliza njaa imfanye mtu aamue nini. Alikata uhusiano kati ya kukimbia na shibe. Pumzi akaiacha ifanye kazi kwenye kupanda miamba na kukimbia hatari, si kwenye njia tambarare. Ukiwa kambini, au umefungua ramani, shibe ikawa haipungui. Na chakula kilichopikwa kwa moto kikawa kinakupa pumzi ndefu kwa muda mrefu, hivyo mtu anapika mara moja kabla ya safari, anapiga moyo konde anaondoka. Mimi niliamriwa nilihamishe tumbo langu. Lilikuwa linalia shibe ikipungua kidogo tu, watu wanakurupuka kula wakati hawana njaa. Sasa likawa linalia ikibaki robo. Nililalamika kwamba kipaji changu kinafichwa, akaniambia, "Kitasikika vizuri kikisikika mara moja." Nadhani huo ulikuwa utani. Sina hakika.

Katika majaribio yaliyofuata ramani ilibadilika. Rangi ilitoka kambini ikateremka kama maji yaliyomwagika, ikapita daraja, ikagusa bonde. Mtu wa katikati alikaa zaidi ya saa nzima. Wengine walikufa mlimani kwa kupuuza kupika, wakaandika kwa furaha jinsi walivyokufa. Neno inachosha lilipotea kabisa kwenye maoni. Bosi alinunua soda, akamwambia Kipimo kazi yake iko salama na njaa yake iko salama. Kipimo akashukuru, akanywa nusu ya soda, akarudi mezani.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba hakuwa na furaha. Alikuwa ametazama kona moja ya kioo chake muda mrefu mno. Nikasogeza kiti. Ulikuwa mstari wa Mjaribu wa Tisa. Alimtoa kwenye hesabu, lakini hakuwa ameacha kumfuatilia. Kwenye toleo la zamani mstari ulisimama juu kila siku. Tangu toleo jipya lilipotumwa kwa wote ulishuka. Robo saa. Dakika chache. Halafu sifuri, siku baada ya siku.

"Achana naye," nikasema. "Umewapata wengine wote."

"Ni baba yangu."

Wajaribu wetu walikuwa na namba tu, bila majina, lakini kila taarifa ilikuja na aina ya kompyuta iliyotumika. Hiyo ilikuwa kompyuta chakavu ya ofisini kwetu, aina ambayo hakuna tena anayeitumia. Kipimo aliinunua ilipotolewa, akampelekea baba yake, aliyekuwa peke yake tangu mazishi, akaiwekea gemu ili mzee awe na kitu. Halafu akasahau. Alijua tangu siku ile aliyowapanga wajaribu mmoja mmoja. Hakusema kwa sababu aliona haya kwamba ushahidi wake mzima wa kujitetea mbele ya bosi ulikuwa baba yake.

"Nilifurahi," akasema. "Nilijua yuko nyumbani, ameamka, anacheza. Kila asubuhi nilikuwa natazama mstari wake kwanza. Sikumpigia simu hata moja kumwambia namwona."

Jumapili alimpigia. Mzee akasema gemu imekuwa nzuri sana, hongera mwanangu, kazi safi. Kwa nini basi hachezi? Ana shughuli siku hizi. Shughuli gani? Ndogondogo tu. Haya.

Alikuja kwangu Jumatatu. "Kaka, nisindikize kwa baba. Mtu yeyote akiuliza, mwambie unakwenda kurekebisha sauti ya kompyuta yake. Siwezi kwenda peke yangu kwa baba yangu mwenyewe."

Hilo neno nililibeba safari nzima ya basi.

Nyumba ilikuwa safi kupita kiasi. Viti vimesukumwa chini ya meza, hakuna kilichovutwa. Karibu na dirisha la chumba cha mbele kulikuwa na kitanda kilichotandikwa shuka lililonyooshwa, na mezani mbele yake ile kompyuta yetu. Mzee alikuwa mrefu, mikono mikubwa ya fundi, na alitutazama kama mtu aliyeamshwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Kuna msiba?"

"Hapana baba. Tumekuja kukusalimia."

Akatutazama tena mmoja baada ya mwingine, ahakikishe. Kisha akaenda kuweka maji jikoni, na Kipimo akanionyesha kile kitanda kwa kidevu. Hapo ndipo mama yake alipolala mpaka mwisho. Mzee alimuuguza mwenyewe, hakukubali mtu mwingine amlishe. Ugonjwa ulimwacha mama na tumbo dogo kama la mtoto, anakula kidogo sana na mara nyingi, na akienda mpaka mlangoni lazima akae apumzike kabla ya kurudi. Kipimo wakati huo alikuwa kwenye kazi yake ya kwanza, mji mwingine, akija mwisho wa mwezi. Aliniambia haya kwa sauti ile ile ya kuniambia shibe na pumzi, na katikati ya sentensi akanyamaza. Nikajua amesikia alichokisema.

Mzee akarudi na vikombe. Kipimo hakungoja chai ipoe.

"Baba, gemu umeiacha kwa nini? Sema kweli. Ni kazi yangu kujua."

Mzee akageuza kikombe chake mkononi. "Si mbaya, mwanangu. Ni nzuri. Lakini siku hizi yule mtu hanihitaji. Nikimlisha asubuhi ameshiba. Ananisubiri nimpeleke safari, na mimi safari sina." Akanywa. "Yule wa kwanza ulikuwa huwezi kumwacha. Ukienda uani ukirudi ana njaa. Hatua mbili amechoka, mnakaa. Siku ilikuwa inakwisha vizuri."

"Wenzako wote walisema anachosha."

"Anachosha kweli," mzee akasema. "Nilidhani umemtengeneza kwa kumkumbuka mama yako. Nikasema, huyu mtoto alikuwa anaona, ingawa alikuwa haji sana."

Kipimo alitazama kile kitanda. Angeweza kusema ndiyo, uongo mdogo ambao kila mmoja angeupokea. Mimi ningeusema. Lakini hajui kutia chumvi, na ule ukweli wa kwamba zile namba alizipanga mezani kwetu kwa kukisia, huku harufu ya rangi ikipanda ngazi, haukutamkika pia. Machozi yalimshuka bila uso wake kubadilika. Mzee akamtazama, akaweka kikombe chini, asijue mikono aipeleke wapi.

Mwishowe ni yeye Kipimo aliyesimama. Akaketi mbele ya kompyuta, akaomba simu yangu ili apate mtandao wa kasi, akashusha toleo la zamani kutoka ofisini. Kwa sheria yetu lilikuwa limeshafutwa, lakini sisi hatufuti kitu, tunaficha tu. Akalifunga lisijisasishe tena, hata sisi tukisahau. Kwenye hesabu zetu akaandika kwamba Mjaribu wa Tisa asihesabiwe popote, kamwe.

"Yupo," akamwambia mzee. "Yule yule."

Mzee akavuta kiti. Tulitakiwa tuwahi basi la mchana, na tuliliacha likaenda. Msafiri wetu akaonekana kambini, kofia usoni, mistari yake miwili chini. Mzee akamtoa hatua chache, pumzi ikaisha, wakasimama wote wawili wakingoja. Tumbo langu likalia kwenye spika kabla ya wakati wake. Mzee akafungua mfuko, akachagua mzizi mdogo kuliko yote. Kitu cha kuchosha kuliko vyote tulivyowahi kutengeneza, na Kipimo, aliyepigania miezi kukifuta, alikuwa ameegemea kiti cha baba yake akikitazama.

Mzee alikuwa amesahau kwamba tupo. Akainamia kioo, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya kubembeleza, "Haya mama, kijiko kimoja tu."

Kwenye gemu yetu hakuna kijiko.